Majirani nane, kisima kimoja: jinsi ya kugawana gharama za kuchimba na za pampu

Majirani wakichangia kisima kirefu, ugomvi mara nyingi hauanzi siku ya kuchimba. Siku hiyo kila mtu ana furaha na hela iko mkononi. Unaanza mwaka wa tatu, pampu inapokata, fundi anataka zaidi ya milioni na kikundi hakina hata laki. Hapo ndipo utasikia, "Sisi tuko wawili tu nyumbani, kwa nini tulipe sawa na wenye wapangaji sita?" na mwenye kiwanja kilipo kisima anaanza kuona watu wanamsumbua getini. Kwa hiyo mwongozo huu unaipa pampu nafasi kubwa kuliko shimo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: nyumba nane za pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Chanika. Bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu tu. Ulizia za kwenu, kwa sababu zinabadilika kwa kina, aina ya udongo na umbali wa kuleta mtambo.

Hatua ya 1: Andikianeni kabla ya kumwita mchimbaji

Karatasi ya kurasa mbili inatosha, ila isainiwe na wote mbele ya wakili au angalau mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwanachama awe nyumba, asiwe mtu. Baba akifariki au nyumba ikiuzwa, hisa inabaki na nyumba, na anayenunua anaikuta pamoja na wajibu wake.

Jambo zito zaidi ni kiwanja. Kisima kitakuwa kwa mmoja wenu, na huyo kesho anaweza kuuza. Andikeni kwamba anawapa wenzake haki ya kudumu ya kufika kisimani, kupitisha mabomba na kuingiza winchi ya kutolea pampu, na kwamba haki hiyo inamfunga mrithi na mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtu kutumia sehemu ya ardhi ya jirani kwa namna hii. Kama kiwanja kina hati, mwambieni wakili awasaidie kuisajili, maana makubaliano ya mdomo hayamfungi mgeni aliyenunua bila kujua. Binafsi naona ni haki mwenye kiwanja apunguziwe kidogo malipo ya maji anayotumia kila mwezi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamshwa na fundi na yeye ndiye anayekaa na mlio wa maji usiku. Asisamehewe malipo yote, kwa sababu asiyelipa chochote huishia kuonekana mwenye mali, na wengine kuwa wateja wake.

Andikeni pia habari ya kisima kikavu. Wachimbaji wengi hudai mita zote walizochimba, maji yawepo yasiwepo. Muulizeni bei ya shimo kavu kabla ya kusaini mkataba, na mkubaliane ninyi kwa ninyi kwamba hasara hiyo ni ya wote sawa, hakuna atakayemdai mwenye kiwanja, na kuchimba mara ya pili kunahitaji kikao kipya.

Hatua ya 2: Upimaji na kibali

Mtaalamu wa maji chini ya ardhi hupitisha umeme ardhini kwa vyuma anavyochomeka kwenye mstari, na kutokana na ukinzani wa tabaka anakadiria maji yako wapi na kwa kina gani. Haoni maji kwa macho, anakadiria. Dar es Salaam kazi yake nyingine kubwa ni kuangalia chumvi, kwa kuwa karibu na pwani unaweza kupita tabaka la maji matamu ukaangukia la chumvi kwa kuongeza mita chache tu. Mkiambiwa msizidi mita 80, msimruhusu mchimbaji "aongeze kumi za usalama".

Mwambieni apime sehemu zaidi ya moja, kwenye viwanja viwili au vitatu. Kisima kiwe mbali na vyoo na makaro yote, angalau mita 30, na mkipata 50 ni bora zaidi. Angalieni na makaro ya majirani wasiokuwa kwenye kikundi.

Maji ya chini ya ardhi yanasimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na vibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ombeni kibali kwa jina la kikundi. Kikiandikwa jina la mwenye kiwanja peke yake, mmeshampa kisima. Mchimbaji naye awe na leseni ya Wizara ya Maji. Mwombeni nakala yake.

Hatua ya 3: Changeni kwa awamu tatu

Kuchanga zote kwa mkupuo kunawatisha watu, na kunaacha hela nyingi zikikaa kwa mtu. Gawanyeni kufuata kazi. Katika mfano wetu jumla ni shilingi 16,000,000, yaani 2,000,000 kwa kila nyumba.

Awamu ya kwanza ni upimaji 500,000 na kibali 300,000, jumla 800,000. Kila nyumba inatoa 100,000. Hapa ndipo mtajua nani yuko kweli na nani alikuwa anaitikia tu.

Awamu ya pili ni kuchimba mita 80 kwa 110,000 kila mita pamoja na mabomba ya ukuta wa kisima, yale ambayo mafundi huyaita kesingi. Hiyo ni 8,800,000. Ongezeni 900,000 za kusafisha kisima, kufanya jaribio la kusukuma maji na kupima maji maabara. Inakuwa 9,700,000, au 1,212,500 kwa nyumba. Hela iwe imekamilika benki kabla mtambo haujafika. Mtambo ukisimama katikati ya kazi kwa sababu nyumba mbili hazijalipa, mchimbaji anaweza kuwadai siku za kusubiri, na udongo laini unaweza kubomoka ndani ya shimo lisilo na kesingi.

Awamu ya tatu ni pampu, kebo, bomba la kupandisha maji na boksi la kuwashia, 2,700,000, halafu mnara na tenki la lita 5,000, vyote 2,800,000. Kila nyumba 687,500. Msinunue pampu kabla ya jaribio. Watu hununua mapema kwa sababu wamepata punguzo dukani, kisha wanakuta pampu inavuta maji kuliko kisima kinavyoweza kutoa.

Hatua ya 4: Siku ya jaribio, wawili wenu wawepo

Kisima kikishavalishwa kesingi na kokoto laini za kuchuja, husafishwa kwa hewa hadi maji yatoke meupe. Baada ya hapo inashushwa pampu ya majaribio, inasukuma kwa saa kadhaa mfululizo huku kina cha maji kikipimwa. Chukueni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 24, kisima kinatoa lita 3,000 kwa saa.

Yanayotakiwa kubaki kwenye karatasi yenu ni machache. Kwanza, kina cha maji yakiwa yametulia. Kwa mfano wetu ni mita 30. Pili, kina yalipofikia wakati wa kusukuma na kutulia hapo, mita 55. Tatu, ilichukua muda gani kurudi juu baada ya kuzima. Kama kina kiliendelea kushuka mpaka dakika ya mwisho bila kutulia, kasi hiyo ni kubwa mno kwa kisima chenu na pampu ya kudumu iwe ndogo zaidi. Kwa vipimo vya mfano, pampu ya kuzama ya nguvu farasi moja na nusu itawekwa mita 68: chini ya mita 55 kwa nafasi ya kutosha ili isivute hewa, na juu ya sakafu ya kisima ili isivute mchanga.

Sampuli ya maabara ichukuliwe mwishoni mwa jaribio, maji yakiwa yametoka kwa saa nyingi. Ndoo ya mwanzo inaweza kuwa tamu na ya saa ya sita ikawa na chumvi. Mdai mchimbaji ripoti kamili ya kisima, yenye tabaka alizopita na mahali yalipo mabomba yenye matundu ya kuchuja. Msimalizie malipo yake kabla hajaikabidhi. Miaka mitano baadaye fundi atakayekuja kutoa pampu ataihitaji.

Hatua ya 5: Mita nane mahali pamoja

Hili ni jambo la fundi bomba, ila linaokoa ujirani. Njia ya kawaida ni bomba moja kubwa kupita mtaani na kila nyumba kujiunga. Badala yake, kila nyumba itolewe bomba lake kuanzia chini ya mnara, na pale chini ya mnara zipangwe mita nane za maji kwenye mstari mmoja, kila moja na koki yake na namba ya nyumba imepakwa rangi. Mtatumia bomba jingi zaidi. Mtakachopata ni kwamba msomaji anasoma mita zote kwa dakika tano, asiyelipa anafungiwa bila mtu kuingia uani kwake, na bomba likivuja njiani hasara inaonekana kwenye mita ya mwenye bomba, hivyo atalitengeneza haraka.

Pampu nayo iwe na LUKU yake. Kama haiwezekani na inabidi itumie umeme wa mwenye kiwanja, wekeni mita ndogo kati, msome uniti za pampu peke yake. Mkikokotoa bei ya uniti kutoka kwenye risiti ya LUKU, ondoeni kwanza kodi ya jengo inayokatwa humo, kwa kuwa hiyo ni ya mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Bei ya mwezi iwe na sehemu mbili

Pampu yetu inakula takriban uniti moja na nusu ya umeme kwa saa, na kwa saa hiyo inatoa lita 3,000. Maana yake uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, inatumia nusu uniti ya umeme. Tukichukua umeme shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 175. Ongezeni kidogo kwa ajili ya maji yanayopotea, mtoze 250.

Hiyo ni sehemu inayofuata matumizi. Nyumba yenye wapangaji inayotumia uniti 20 za maji kwa mwezi italipa 5,000. Wazee wawili wanaotumia uniti 6 watalipa 1,500. Lile swali la wapangaji sita limeishia hapo.

Sehemu ya pili ni akiba, na hii ni sawa kwa wote, hata kwa nyumba iliyofungwa. Chukulieni pampu na mota yake ni 1,500,000, na kuitoa na kuirudisha ni 300,000. Jiwekeeni lengo la kuweza kuibadilisha baada ya miaka mitano. Inaweza kuishi zaidi au kufa mapema, lakini miaka mitano ni makisio ya tahadhari. 1,800,000 kwa miezi 60 ni 30,000 kwa mwezi. Ongezeni 10,000 ya matengenezo madogo na ada ya mwaka ya bodi ya bonde. Jumla 40,000, ambayo kwa nyumba nane ni 5,000 kila moja. Nyumba iliyofungwa inalipa kwa sababu hisa yake bado ipo na pampu yake ni ile ile. Mwenye nyumba ndiye anayedaiwa akiba. Mpangaji alipe maji anayotumia.

Akiba ikae akaunti tofauti na hela ya umeme, yenye watu wawili wa kuidhinisha, na mweka hazina asiwe mwenye kiwanja. Mwisho wa mwezi piga picha ukurasa wa daftari na salio, tuma kwenye kundi la simu. Kuhusu wanaochelewa, sheria iwe moja na isibadilike kwa sura ya mtu: miezi miwili bila kulipa, koki inafungwa, inafunguliwa siku deni likiisha. Kama mtu ana msiba au mgonjwa, kikao kiamue kumkopesha kutoka kwenye akiba na kiandike. Mweka hazina asiachiwe kuamua huruma peke yake.

Hatua ya 7: Daftari la pampu

Mara moja kwa mwezi, siku ambayo tenki limeisha, fungeni koki zote nane, washeni pampu na mpime dakika za kulijaza. Andikeni dakika hizo na uniti za umeme zilizotumika. Kwa tenki letu mwanzo ni dakika 100 na uniti 2.5. Namba hizo mbili zitawaambia mengi kabla fundi hajafika.

Chukulieni Januari imeandikwa dakika 100, Juni 115, Septemba 140. Kitu kinaharibika, na swali ni kipi. Simameni kwenye bomba la juu ya tenki. Maji yakianza kwa nguvu, kisha baada ya muda yakapungua na kutema hewa, kina cha kisima kimeshuka: pengine ni ukame, pengine kuna kisima kipya jirani, pengine matundu ya kuchuja yameziba. Kubadilisha pampu hapo ni kutupa hela. Maji yakiwa dhaifu tangu dakika ya kwanza na kubaki hivyo, pampu imelika au bomba la kupandisha limetoboka. Zimeni pampu mtege sikio kwenye mdomo wa kisima: mkisikia maji yakimwagika chini, bomba limetoboka au vali ya kuzuia maji kurudi haishiki. Dalili nyingine ya vali hiyo ni kwamba kila mkiwasha, maji yanachelewa kufika tenkini kuliko zamani, kwa sababu bomba linaanza likiwa tupu.

Chotea maji kwenye ndoo nyeupe, yazungushe kwa mkono, subiri. Punje zikikusanyika katikati, ni mchanga, na mchanga ndio unaosaga pampu haraka kuliko kitu kingine. Mwambieni fundi apunguze koki ya kisimani ili maji yatoke polepole. Usipokoma, kesingi ina tatizo na kisima kinahitaji kuangaliwa chenyewe.

Pampu ikigoma kuwaka kabisa, usikubali itolewe siku hiyo hiyo. Kuitoa ni gharama, na mara nyingi ubovu uko juu ya ardhi. Mwambie, "Fundi, pima kwanza." Apime umeme unaoingia, voti zikiwa chini ya 200, kosa si la pampu, na kuilazimisha kutaunguza mota. Apime kapasita kwenye boksi. Ikifa, mota huguna bila kuzunguka au boksi hukata, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Mwisho apime waya za mota kwa kifaa cha kupima kama zimevujisha umeme kwenye maji. Kipimo hicho cha mwisho kikiwa kibaya, ndipo winchi iitwe, na wanachama wawili washuhudie inavyotoka.

Yanayoua pampu mapema yanazuilika. Wekeni kifaa kinachozima pampu maji yakiisha kisimani na umeme ukishuka. Epukeni kusukuma jioni wakati umeme wa mtaa umelemewa. Alfajiri ni bora. Boya la tenki lirekebishwe ili pampu isiwake kwa kila ndoo mbili zinazotoka. Iwake tenki likiwa limeshuka sana, ifanye kazi kwa muda mrefu, izime. Kuwaka mara kwa mara kunaichosha mota kuliko saa inazofanya kazi.

Jirani wa tisa akitaka kuingia

Jibu la kwanza liko kwenye ripoti ya jaribio. Nyumba nane zikitumia jumla ya lita 4,000 kwa siku, pampu inafanya kazi saa moja na dakika ishirini, kwa hiyo nafasi ipo. Gharama yote ikigawanywa kwa tisa, hisa ni kama 1,780,000. Ningependekeza hela hiyo iingie kwanza kwenye akiba ya pampu hadi ifikie 1,800,000, na ziada ndiyo igawanywe kwa waanzilishi. Bomba na mita yake ajigharamie. Karatasi ya mwanzo aisaini yote, ikiwemo sehemu ya koki kufungwa.

Na siku pampu mpya itakaposhushwa, rudieni kipimo cha dakika na uniti kabla fundi hajalipwa. Andikeni tarehe, aina ya pampu, kina ilipowekwa na urefu wa kebo kwenye ukurasa mpya. Kuanzia hapo mtalinganisha na namba hizo, kwa kuwa zile dakika 100 zilikuwa za pampu ya zamani.